Sentensi mbili zilizonichukua jioni nzima

Habari ilinifikia saa kumi na moja jioni kwa simu ya mwenzangu wa ofisini, na ilikuja na nyingine tumboni mwake. Rafiki yangu amefanywa mkuu wa kitengo chetu cha hesabu. Cheo hicho nilikuwa nimekiomba na mimi. Tuliingia kwenye usaili siku moja, yeye asubuhi, mimi baada ya chakula cha mchana, na tulipotoka tulicheka pamoja jinsi mmoja wa waliotuhoji alivyokuwa akisinzia.

Kwa hiyo nilipokaa kumwandikia, sikuwa na moyo mweupe kama karatasi. Nilifurahi, na niliumia, yote mawili kwa wakati mmoja. Nasema hivi mapema kwa sababu ushauri mwingi wa kuandika pongezi hudhani kwamba mwandishi amefurahi tu na kinachomshinda ni maneno. Kwangu maneno yalikuwepo tele. Kilichonitisha ni kwamba nilishawahi kuyatumia vibaya.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, rafiki mwingine alipandishwa cheo huko alikokuwa akifanya kazi. Huyo sikuwa nashindana naye kwa lolote. Nilimwandikia haraka haraka, nikijiona mcheshi: "Hatimaye! Nilijua tu siku moja watakukumbuka. Sasa usitusahau sisi wa huku chini." Akajibu "asante" na vikatuni viwili vya kucheka. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo akaniambia, tukiwa tunazungumza mambo mengine kabisa, kwamba ule ujumbe aliusoma mara tatu akitafuta ninamcheka wapi.

Nilikana. Kisha nikaenda kuutafuta kwenye simu, nikausoma kama vile nimeandikiwa mimi, na nikamwelewa. Neno "hatimaye" lilikuwa linamhesabia miaka. Mtu aliyekaa muda mrefu kwenye nafasi moja huku wenzake wakimpita anaijua hesabu hiyo kuliko wewe, na siku ya furaha yake hataki kukumbushwa. "Watakukumbuka" lilikuwa baya zaidi, maana anayekumbukwa alikuwa amesahauliwa, na cheo chake kinageuka sadaka ya walioona huruma. Halafu ile "usitusahau", ambayo sote tunaiandika bila kufikiri: nilimtwika deni. Saa ileile aliyopata kitu chake, nikamtaka aanze kunihakikishia kwamba hatabadilika, kwamba yeye bado ni yuleyule, kwamba mimi si wa chini. Pongezi ilikuwa yake, lakini kazi ya kumtuliza mtu akapewa yeye.

Ajabu ni kwamba sikuwa nimemwonea wivu. Ndiyo maana nasema wivu wa kwenye maandishi si lazima utoke moyoni. Unaweza kuingia kupitia maneno tuliyoyazoea, nawe hujui.

Basi jioni ile nilikuwa na tatizo mara mbili: safari hii wivu ulikuwepo kweli, na mkono wangu ulikuwa na historia.

Nilianza na njia salama. "Hongera sana rafiki yangu kwa kupandishwa cheo. Mungu azidi kukuinua viwango vya juu zaidi." Nikaitazama. Haikuwa na kosa lolote, na hapo ndipo ilipokuwa na kasoro. Kwenye kundi la simu la ofisini watu walikuwa wameanza kuandika sentensi hiyohiyo, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akiongeza ua au makofi. Siwadharau. Kundini sentensi ya namna hiyo ina kazi yake: ni kama kuinua mkono ili uonekane umefika, na asiyeinua hutambuliwa. Mimi pia niliiandika kule, ikapita. Lakini tulikuwa tumekaa meza mbili zinazotazamana kwa miaka minne. Ujumbe wangu wa faragha ukiwa ni uleule ambao angeandikiwa na mtu asiyemjua hata anakunywa chai na sukari ngapi, ukavu huo wenyewe ungesema kitu. Angejua kwamba nimejificha.

Kipimo nilichokitumia, na ninakitumia hadi leo, ni rahisi. Nilijiuliza: nikifuta jina lake nikaweka la binamu yangu aliyepandishwa cheo kazi tofauti kabisa, je, ujumbe utaharibika? Haukuharibika hata kidogo. Basi haukuwa wake.

Nikafuta, nikajaribu ukweli mtupu: "Nakupongeza kwa moyo wote, na wala sina kinyongo kwamba nami niliomba." Hii niliifuta haraka kuliko zote. Anayesema hana kinyongo amekileta kinyongo sebuleni na kukikaribisha kiti. Nikajaribu kuvuka ng'ambo ya pili: "Nimefurahi kuliko hata wewe! Hakuna mwingine aliyestahili!" Huo ulikuwa uongo, naye angeujua, kwa sababu miongoni mwa hao "wengine" nilikuwemo mimi. Sifa inayomtukana mwandishi wake humtia msomaji mashaka. Anaanza kutafuta kwa nini imepandishwa sauti kiasi hicho.

Nikaandika pia: "Ulistahili." Neno moja tu, nikaliona zuri kwa ufupi wake. Dakika chache baadaye likaanza kunikera. Aliyesema "ulistahili" amekaa kitini pa hakimu. Amepima, amekubali, ametoa hukumu. Akisema mkubwa wako ni heshima. Akisema mtu mliyeomba naye nafasi moja, inasikika kama anatia sahihi kwenye matokeo ambayo hakuulizwa.

Hapo nikaiweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo. Nikiwa huko ndipo lilipokuja jambo lililonitoa kwenye mkwamo, na lilitoka kwenye lugha yenyewe. Sisi hatusemi tu kwamba tuna wivu. Tunasema tunamwonea mtu wivu. Tunamwonea gere, tunamwonea kijicho. Tunamwonea pia huruma. Na tunamwonea fahari. Kitenzi ni kimoja, mzizi wake ni kuona. Nikajiuliza: mimi, kwa macho yangu haya, nimemwona huyu mtu akifanya nini? Sikujiuliza ninamfikiriaje, wala ninamtakia nini. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yamejaa kwenye rasimu zangu zote. Nilikuwa nimetoa maoni na dua. Ushahidi sikuwa nimetoa.

Nikarudi mezani, nikaandika mambo matatu niliyoyaona mwenyewe.

La kwanza lilikuwa la usiku mmoja wa kufunga hesabu za mwezi. Pande mbili zilikataa kulingana, tofauti ikiwa 180, na sote tulikuwa tumechoka. Yeye akaitazama ile 180, akasema inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, basi tutafute tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Waliowahi kushika vitabu vya hesabu wanaujua ujanja huo. Ukiandika 5,460 mahali pa 5,640, tofauti lazima igawanyike kwa 9, na ukiona tofauti ya namna hiyo, hapo ndipo pa kuanzia kuchimba. Haikuchukua nusu saa, ankara yenyewe ikapatikana.

La pili lilikuwa kwamba hajawahi kuchelewesha taarifa ya mwezi. Nililiandika, nikaliona linanuka fomu ya tathmini ya mwaka, nikalikata.

La tatu lilitokea usiku uleule wa 180. Ankara ile ilikuwa imeingizwa na kijana aliyekuwa na wiki tatu tu kazini. Nilimwona rafiki yangu akivuta kiti, akakaa pembeni ya kijana badala ya kusimama nyuma yake, wakapitia ukurasa mmoja mmoja mpaka kijana mwenyewe akasema, "Hii hapa, dada, nimegeuza." Asubuhi kwenye kikao, mkubwa wetu alipouliza kosa lilikuwa la nani, rafiki yangu alijibu kwamba lilikuwa la kitengo na limesharekebishwa. Akaendelea na jambo lililofuata. Kijana alikuwa amekaa mkabala nami. Nilimwona mabega yakishuka.

Ningeweza kuchagua lile la kwanza. Lina akili, linasifu ujuzi, na linasimulika vizuri. Nililiacha kwa sababu mbili. Ujanja wa 9 naujua hata mimi, na ningeusifu ningekuwa bado nimeshika mizani mkononi, huku nikisema kimoyomoyo kwamba bahati yake aliwahi kuona. Sababu ya pili ni nzito zaidi: cheo alichopewa ni cha kuongoza watu. Ukimpongeza mtu kwa cheo, kitu ulichokiona kinapaswa kuegemea upande wa kazi anayoiendea. Kuwahi kugundua kosa kulimfanya awe mhasibu mzuri. Kile kiti alichokivuta ndicho kilichomfanya awe mkuu wa kitengo, hata kama waliomchagua hawakukiona.

Wapo wanaoogopa kumsifu mtu waziwazi, wakimkumbuka mgema na tembo lake lililotiwa maji. Mimi naona mgema aliharibiwa na sifa za jumla. Laiti angeambiwa kwamba tembo la jana lilikuwa safi kwa sababu aliuosha mtungi, angeuosha na kesho.

Sentensi ya kwanza ikaja karibu yote kwa mpigo: "Nilikuona usiku ule ulipovuta kiti ukakaa pembeni ya kijana mkalitafuta kosa pamoja, na asubuhi hukumtaja jina." Hapo awali ilikuwa ndefu mara mbili, ina ankara, ina saa, ina mkubwa akiuliza. Nikapunguza mpaka ikabaki na kiti na jina. Yeye alikuwepo, hakuhitaji kusimuliwa.

Tazama lile neno la mwanzo, "nilikuona". Mimi nimo ndani yake, herufi mbili, ni-, kama shahidi aliyesimama mlangoni. Yeye yumo katikati, -ku-. Baada ya hapo vitenzi vyote ni vyake: ulipovuta, ukakaa, hukumtaja, na kimoja cha wote wawili, mkalitafuta. Nilirudi kwenye zile rasimu nilizofuta, nikahesabu. Ile ya kinyongo ilikuwa na "nakupongeza", "sina", "nami", "niliomba": mara nne mimi, mara moja yeye. Nimeanza kuhesabu hivyo kila ninapoandika pongezi. Sisemi ni sheria, maana pongezi isiyo na mwandishi kabisa inakuwa baridi kama tangazo la ofisi. Lakini mimi nikizidi yeye, najua habari inayosimuliwa ni yangu.

Sentensi ya pili ilinisumbua zaidi, kwa kuwa ndiyo inayobeba furaha yenyewe. Ikibaki ya kwanza peke yake, unakuwa umeandika ushuhuda mahakamani. Nilijaribu "ndiyo maana sishangai", na kutoshangaa ni ubaridi. Nikajaribu "kitengo kimepata kiongozi", na hilo lilikuwa kauli ya mgeni rasmi. Nikajaribu kuahidi: "nitakusaidia kwa lolote". Ahadi ile ilikuwa ya kweli, ila kwa mtu aliyekosa nafasi hiyohiyo, kujitolea haraka namna ile kungemfanya ajiulize ninamwona hawezi peke yake.

Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu, ambaye mwaka ule alikuwa anatafuta kazi ya kwanza na mimi nilikuwa nikiomba usiku na mchana asiangukie mikononi mwa bosi wa kumzomea mbele za watu. Ikaja: "Wamempata mkuu ambaye ningetamani mdogo wangu aanzie kazi chini yake, hongera, nimefurahi sana."

Niliisoma kwa sauti. Ilikuwa kweli, kila neno. Hata ile "nimefurahi sana" ambayo ni ya kawaida kabisa, safari hii ilisimama, kwa sababu ilikuwa imekuja baada ya kitu cha kuifurahia. Zamani nilidhani maneno ya kawaida ndiyo yanayoua pongezi. "Hongera" si neno lililochoka. Huchoka tunapoliweka mbele likatembea peke yake. Mahali pake pazuri, kwa sikio langu, ni karibu na mwisho, likiwa limeshabebwa na jambo.

Na ukweli mwingine nilioutambua nikiwa nimeshika simu: maumivu hayakuwa yameondoka. Sentensi zile hazikuyakana. Hazikuyataja tu. Hapakuwa na nafasi yake pale, kama ambavyo hutoi hesabu ya madeni yako kwenye harusi ya mwenzio. Ningeweza kufurahi kikamilifu kwa ajili ya kiti kile alichokivuta na bado nikaenda kulala na uchungu wa usaili wangu.

Ujumbe wote ulikuwa hivi:

"Nilikuona usiku ule ulipovuta kiti ukakaa pembeni ya kijana mkalitafuta kosa pamoja, na asubuhi hukumtaja jina. Wamempata mkuu ambaye ningetamani mdogo wangu aanzie kazi chini yake, hongera, nimefurahi sana."

Nikautuma saa tatu na nusu usiku, kwake peke yake. Sikuongeza kikatuni. Nilitaka sana kuongeza kimoja cha kucheka, na nikajikamata: kile kicheko kingekuwa cha kunilinda mimi, nionekane sijasema kwa uzito ili asiponijibu nisione haya.

Hakujibu usiku ule. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, kimya. Nilianza kujiambia nimevuka mpaka, pengine hakutaka jambo la kikaoni likumbushwe. Hapa nikiri udhaifu mmoja wa kumtajia mtu kitu ulichokiona: unaweza kukosea kitu. Mtu anaweza kuwa hakitaki kionekane, au kinaweza kumtia mwingine aibu endapo ujumbe utasambazwa. Ndiyo maana sikuandika jina la kijana, na ndiyo maana kundini niliweka ile sentensi ya kila mtu.

Jumapili jioni simu ikalia mlio wa ujumbe. "Kumbe uliona." Kisha, baada ya dakika chache: "Nilijiuliza wiki nzima ile kama nilikosea kumficha." Halafu wa tatu, ambao sikuutarajia: "Na wewe je? Umeyapokeaje matokeo? Niambie ukweli."

Sasa nilikuwa nimeulizwa. Nikamjibu kwamba nimeumia kidogo, si kwa sababu yake, na kwamba tutaongea tukikutana. Akasema na yeye alikuwa ameogopa kunipigia tangu Ijumaa, hakujua aanze vipi asionekane anajigamba au ananionea huruma. Alikuwa ameandika na kufuta, kama mimi.

Miezi michache baadaye nilijaribiwa upande mwingine wa jambo hilohilo. Rafiki niliyesoma naye alipanda cheo mbali, kazi ambayo sijawahi kuiona hata mlango wake. Ningesema "nilikuona" ningekuwa naongopa. Nilihangaika kidogo, kisha nikagundua kwamba sikuwa nimeona, lakini nilikuwa nimesikia. Mwaka uliotangulia alinipigia usiku akasema anafikiria kuacha, halafu akasema ngoja amalize kwanza kuwafundisha wale wawili walioajiriwa karibuni. Nikamwandikia: "Bado nakumbuka ulivyosema unaondoka, halafu ukasema ngoja umalize kuwafundisha wale wawili. Nimefurahi kwamba hukuondoka, na zaidi kwamba sasa umepewa watu wa kuwafundisha, hongera." Yule alijibu baada ya nusu dakika kwa sauti, anacheka na sauti inamkatika, akisema wale wawili ndio waliokuwa wa kwanza kuja mezani kwake.

Lakini kabla sijamwandikia huyo nilimuuliza jambo moja: "Umekifurahia?" Niliwahi kumpongeza mtu kwa cheo kilichomtenga na watoto wake siku tano za juma, akanijibu "asante" ya mtu aliyeinamisha kichwa. Pale hakuna sentensi mbili nzuri zitakazosaidia. Kwanza lazima ujue kama ni sherehe.

Na yule kijana wa ankara? Jumatatu ile, kabla rafiki yangu hajahamia chumba chake kipya, alinijia mezani na simu mkononi. Alitaka nimwandikie maneno ya kumpongeza dada, kwa kuwa, alisema, mimi najua kuandika. Kwenye kioo alikuwa ameshaanza: "Hongera sana kwa kupandishwa..." Nikamuuliza yeye alimwona akifanya nini. Akatazama sakafu, akatazama kile kiti, akaondoka na simu yake. Alichoandika sijakijua hadi leo. Ila mchana ule rafiki yangu alipita mezani kwangu, akasimama akiwa ameshika mlango wa chumba kipya kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, akasoma kitu kwenye kioo, akageuka upande wa dirisha, na alikaa vile kwa muda kabla ya kuingia ndani.